Mtungi wa gesi, mzani wa Kariakoo na neno "wezi"

Mei 2024 nilipandisha video ya dakika nne niliyoirekodi jikoni kwangu, Tabata. Ndani yake kuna mtungi wa gesi wa kilo 15 niliounyanyua kwa mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari, nilioununua Kariakoo. Kwenye shingo ya mtungi imegongwa namba ya uzito wa mtungi mtupu: 15.2. Ukiongeza gesi ya kilo 15, mzani ulipaswa kusoma 30.2. Ukasoma 28.7. Nikaisogeza kamera karibu na ile namba, nikageuka, nikasema: "Kilo moja na nusu haipo. Hawa ni wezi, jamani. Wanatuibia mchana kweupe."

Siku ya kumi na moja kijana wa bodaboda aliniletea bahasha kutoka kwa wakili wa duka nililonunulia gesi ile. Ndani mlikuwa na kurasa mbili: niiondoe video, niombe radhi kwa video nyingine, na nilipe fidia ambayo sijawahi kuishika maishani. Nilipewa siku saba. Duka sikulitaja popote kwenye video, kwa hiyo nilipofika mwisho wa barua ile hasira zilikuwa zimenipanda. Nilijiona nimeonewa kwa sababu nilikuwa na ushahidi, na kila mtu aliuona mzani.

Nilimpelekea barua kaka mmoja wa mtaani kwetu ambaye ni wakili. Aliitazama video mara mbili bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, mzani huu umehakikiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Akauliza la pili: "Na gesi hii aliijaza nani, huyu mwenye duka?" Hilo nalo sikulijua. La tatu ndilo lililonikalisha chini. "Sasa ulijuaje kwamba ni wizi?"

Tuanze na mzani, maana ndiko nilikojifunza mengi. Mizani inayotumika kwenye biashara inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama. Wangu ulikuwa wa kupimia mabegi nyumbani. Niliubeba hadi kwa jirani anayeuza nafaka kwa jumla, mwenye mzani wa jukwaa ulio na alama ya uhakiki, tukapima mzigo mmoja kwenye mizani yote miwili. Karibu na kilo 30, wangu ulisoma pungufu kwa gramu 600. Tuliurudia mzigo huo mara tatu na jibu halikubadilika. Maana yake mtungi niliousoma 28.7 ulikuwa na kilo 29.3. Upungufu wangu wa kilo moja na nusu ukawa gramu 900 hapo hapo, nikiwa nimesimama katikati ya magunia ya mchele.

Haukuishia hapo. Namba iliyogongwa kwenye shingo ni uzito wa mtungi siku ulipotengenezwa. Mtungi huo umetembea miaka mingi juu ya pikipiki na kwenye matope: kitako kimeliwa na kutu, rangi imebanduka, pengine valvu imebadilishwa. Ndiyo maana njia ya uhakika zaidi ya kujua umepata gesi kiasi gani ni kuupima ukiwa umejaa, kuitumia gesi mpaka iishe, halafu kuupima tena kwenye mzani ule ule. Niliendelea kupikia. Ulipozima nikaupeleka kwa jirani mwenye nafaka, ukasoma 14.9. Toa hiyo kwenye 29.3, inabaki 14.4. Na kwa kuwa kila mtungi "mtupu" hubaki na kagesi kidogo kasikotoka, hiyo 14.4 ndicho kiwango cha chini nilichouziwa. Kwa hiyo upungufu ulikuwa gramu 600 au chini ya hapo, na mimi nilikuwa nimewaambia watu elfu kadhaa kwamba ni kilo moja na nusu.

Nikirudi kwenye swali la pili, la nani aliyejaza: sili ya plastiki juu ya valvu ilikuwa nzima siku niliponunua. Inaonekana kwenye video yangu mwenyewe, sekunde ya arobaini, nikiikata kwa kisu. Wakati ule sikuitilia maanani. Mitungi hujazwa kwenye kiwanda cha kujazia, ikafungwa sili, ikapita kwa wakala, ndipo ikafika kwenye fremu ya mtaani. Sili nzima haimsafishi mwenye duka moja kwa moja, lakini inavuta swali upande wa kiwanda zaidi kuliko kwake. Sili iliyokatika nayo isingetosha kumtia hatiani, maana ingebidi ujue ilikatika wapi. Kwa hiyo hata kama gramu zile 600 zingekuwa za uhakika kabisa, nilichokuwa nacho ni mtungi mmoja uliopungua. Nani aliyeupunguza, na kwamba alikusudia, hayo sikuwa nayo hata chembe. Neno "mwizi" linadai vyote viwili.

Hapa ndipo wengi wetu tunaotengeneza video tunapoanguka. Tunaamini ushahidi wa tukio ni ushahidi pia wa dhamira. Mzani unaweza kukupa uzito, na kama ni mzima utakupa uzito sahihi. Hauna namna ya kukuambia mtu alichokuwa akiwaza.

Kisheria tofauti hiyo ina uzito wake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliiweka kashfa miongoni mwa makosa ya jinai, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vyake kadhaa, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mabadiliko ya 2023 yakaitoa kashfa kwenye jinai za sheria hiyo. Watu waliposikia hivyo wakadhani njia ni nyeupe. Si nyeupe. Anayechafuliwa jina bado anaweza kukufungulia kesi ya madai, na ukijitetea kwamba ulichosema ni kweli, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Yeye halazimiki kuthibitisha kwamba si mwizi. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, bado ipo: kuchapisha taarifa ukijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kuudanganya umma, faini yake ni kuanzia shilingi milioni 5, au kifungo kuanzia miaka 3, au vyote viwili. Neno "ukijua" ndilo la kulitazama hapo. Kabla ya kwenda kwa jirani mwenye nafaka sikuwa najua kwamba mzani wangu ni mbovu. Baada ya kutoka pale nilijua. Kila siku ambayo ningeiacha ile video hewani kuanzia hapo ingekuwa siku ya mtu anayejua.

Niliishusha jioni ile ile. Kabla ya kuishusha, kaka wakili alinisisitizia jambo ambalo nisingelifikiria: nihifadhi nakala ya faili, maelezo yaliyokuwa chini yake, kichwa chake, picha ya kava, maoni yote na idadi ya waliotazama. Kushusha ni kupunguza madhara. Kufuta kila kitu ni kuutupa ushahidi wako mwenyewe wa kile ulichosema na usichosema, wakati upande wa pili una nakala yake.

Ilipofika kwenye hoja yangu ya kutolitaja duka, alinionyesha skrini tu. Nilikuwa nimelifunika jina kwa ukungu, ndiyo. Lakini mlango wa chuma wa bluu ulikuwa unaonekana, na nyuma yake kituo cha daladala. Mtu yeyote wa mtaa ule angelitambua. Na kwenye maoni mtu wa nne aliandika jina la duka waziwazi, akaongeza, "kumbe ni wale wezi". Mimi mwenyewe niliyabandika maoni hayo juu kabisa na kuyawekea moyo. Ukimtambulisha mtu kwa mlango wake, kwa sauti yake au kwa maneno ya mtazamaji uliyoyapandisha mwenyewe, umemtaja. Hata kusema "wauza gesi wa mtaa huu" hakukuokoi kama mtaa una maduka matatu tu.

Nilikwenda dukani kuomba radhi kabla ya kurekodi chochote. Mwenye duka ni mama wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama usoni muda mrefu. Aliniambia, "Mwanangu, ungekuja ukaniuliza." Akatoa mzani uliokuwa nyuma ya mitungi, una alama ya uhakiki. Akasema wateja hawaombi kupimiwa, wanataka bodaboda iondoke haraka. Akanionyesha daftari la mitungi aliyoipokea wiki ile kutoka kwa wakala. Vitu vyote nilivyovihitaji vilikuwa pale, hatua kumi kutoka niliponunulia. Nilitoa video ya masahihisho nikitaja namba zote tatu, 1.5, 0.9 na 0.6, na jinsi nilivyozipata. Wakili wa mama huyo hakuandika tena.

Baadaye nilirudia kazi ile ile, kwa sababu mitungi pungufu ipo na watu wana haki ya kuijua. Nilinunua mitungi mitatu kwenye maduka matatu, yote ya kilo 15. Kabla sijarekodi niliandika kila sentensi niliyokusudia kuisema kwenye daftari, na mbele ya kila moja nikaandika ni ya aina gani: tukio, maoni, au swali. Sentensi ya tukio haikuruhusiwa kubaki bila jina la faili linaloithibitisha. Kazi hiyo ilinichukua jioni nzima na sentensi sita zikafa. Mojawapo ilikuwa "hii inatokea kila siku". Niliipenda sana, lakini nilikuwa na mitungi mitatu tu.

Kwa kila mtungi nilirekodi kipande kimoja kisichokatika. Kamera inaanza kwenye risiti, inapita kwenye namba iliyogongwa shingoni, inakwenda kwenye sili, kwenye alama ya uhakiki ya mzani, kwenye mzani ukiwa mtupu unasoma sifuri, mtungi unapandishwa, namba inatulia. Ukikata hapo katikati, hata kwa nia njema ya kufupisha, umempa mtu nafasi ya kusema ulibadilisha mtungi. Kwenye video ya mwisho nilifupisha, lakini kile kipande kizima kipo.

Risiti ina ujanja wake. Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na kwa jua la Dar es Salaam, ukiiacha kwenye dashibodi au karibu na jiko, baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku ile ile, na uihakiki kwenye tovuti ya TRA, `verify.tra.go.tz`, kwa namba ya uhakiki iliyo chini yake, kisha uhifadhi picha ya majibu. Hapo umethibitisha mambo mawili: kwamba ulinunua, na kwamba ni pale, saa ile. Duka lisipokupa risiti, hilo nalo ni tukio unaloweza kulisema, kwa maneno hayo hayo: niliomba risiti, sikupewa.

Faili la kamera halipaswi kupita WhatsApp kwa njia ya kawaida ya kutuma video, kwa sababu linabanwa na taarifa za lini na kwa simu gani lilirekodiwa zinapotea. Linatoka kwenye simu kwa waya hadi kwenye kompyuta, nakala ya pili inakwenda kwenye diski inayokaa nyumba nyingine. Yangu iko kwa dada yangu Mbagala. Halafu natengeneza alama ya kidole ya faili:

```
sha256sum gesi-03.mp4
```

Unatoka mstari mmoja wenye herufi na tarakimu 64, ukifuatiwa na jina la faili. Faili likibadilishwa hata nukta moja, ukiirudia amri hiyo zinatoka herufi na tarakimu nyingine kabisa. Ninazituma kwa barua pepe kwa kaka wakili siku ile ile ya kurekodi, ili tarehe iwe kwenye kisanduku cha mtu mwingine pia. Hili si jambo la mapambo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapoupima ushahidi wa kielektroniki iangalie uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kutumwa, na kama ukamilifu wake ulilindwa. Alama hiyo haithibitishi kwamba mzani ulisema kweli. Inathibitisha kwamba faili unaloliona leo ndilo lile la siku ile, basi.

Mitungi miwili ilikuwa sawa. Wa tatu, kwa njia ya kupima umejaa na kupima umeisha, ulinipa kilo 13.9. Sili ilikuwa nzima. Nilimwandikia mwenye duka ujumbe wenye namba hizo na maswali matatu: alipokea mtungi lini, kutoka kwa nani, na je, aliupima. Nikampa siku tatu, nikamwambia wazi kwamba natengeneza video. Naandika, sipigi simu, kwa sababu maandishi yanabaki na hakuna atakayebishana nani alisema nini. Alijibu siku ya pili kwamba hapimi, anategemea sili. Jibu lake nililisoma lote kwenye video, sikulichambua vipande. Matokeo niliyapeleka pia Wakala wa Vipimo kabla ya kuposti, kwa sababu wao ndio wanaoweza kwenda kiwandani, mimi siwezi.

Nilichosema mbele ya kamera ni hiki: "Mtungi huu nilioununua tarehe hii ulinipa gesi kilo 13.9 badala ya 15. Sili ilikuwa haijakatwa. Upungufu ulitokea wapi, sijui. Kwa maoni yangu, anayeuza gesi bila kuipima mbele ya mteja hamtendei haki mteja huyo." Sentensi ya mwisho ni kali na sikuiogopa. Ni maoni, yamesimama juu ya tukio nililolitaja dakika hiyo hiyo, na mtazamaji anaweza kukataa maoni yangu huku akilikubali tukio. "Wezi" ni kitu kingine. Hata ukitanguliza "kwa maoni yangu", unakuwa umemtuhumu mtu jinai, na maneno hayo matatu ya mwanzo hayaibadilishi tuhuma kuwa maoni.

Kichwa na kava vilinisumbua zaidi ya maandishi yote. Ndani nilikuwa mwangalifu, lakini kijana anayenisaidia kuhariri alinitengenezea kava yenye uso wa muuzaji, mshale mwekundu na neno "UTAPELI?" Aliamini alama ya kuuliza inamkinga. Wengi wanaona kava tu na hawaingii ndani, na kwao kava ndiyo video. Tuliweka picha ya mzani na namba 13.9.

Rafiki yangu anayefuatilia viongozi kwenye chaneli yake ana mtego unaofanana na huu, ila wake uko kwenye karatasi. Kila mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zikishawasilishwa bungeni, kwa utaratibu wa ibara ya 143 ya Katiba, yeye hutafuta halmashauri zetu za Dar es Salaam. Akikuta "malipo yasiyo na viambatisho", kidole kinamwasha kuandika "mkurugenzi amekula". Lakini mkaguzi hakusema hivyo. Amesema nyaraka hazikuonekana wakati wa ukaguzi. Zinaweza kuwa zimepotea, zimechelewa, au kweli hazikuwahi kuwepo, na ripoti hiyo haijachagua mojawapo. Siku hizi anaonyesha ukurasa wenyewe kwenye skrini, anasoma mstari kama ulivyo, anataja mwaka wa fedha unaohusika, ambao mara nyingi si wa kiongozi aliyepo sasa ofisini, kisha anauliza: nyaraka hizi zimeshapatikana? Nimeiona video moja ya namna hiyo ikimfanya mhusika ajibu hadharani. Ile ya "amekula" angeijibu kupitia wakili.

Bungeni nako kuna utelezi. Mbunge akimtuhumu mtu ndani ya Bunge, ibara ya 100 inamlinda yeye. Kueleza kwa usahihi kwamba mbunge fulani alisema hivi siku fulani ni jambo moja. Kuirudia tuhuma kwa sauti yako kana kwamba umeichunguza mwenyewe ni jambo jingine, na kinga yake haikufuati mpaka kwenye chaneli yako.

Kesi ya madhara kama haya ya kuchafuliwa jina hufunguliwa ndani ya miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo. Kwa hiyo bahasha ya mtungi wa tatu, yenye risiti iliyopauka, sili iliyokatwa, daftari la sentensi na diski ndogo, nimeiandika juu tarehe ya kuposti na mwaka wa kuifungua, nikaongeza mwaka mmoja wa tahadhari. Iko kabatini pamoja na ile ya kwanza, ambayo ndani yake nimeacha ule mzani wa Kariakoo, na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi: "karibu na kilo 30 unapunguza gramu 600".